Pauni 50 si kilo 25, na 23 nayo ina mashaka: barua za mizigo ya ndege

*Assalamu alaykum. Mama yetu anasafiri mwezi ujao kwenda kwa kaka, Ohio, Marekani. Tiketi inampa mabegi mawili, kila moja "50 lb". Kaka anasema pauni ni nusu kilo, tupakie kilo 25. Kijana wa duka la simu amepiga hesabu akapata 22.6796, akasema hiyo ni 23. Kwenye tovuti ya ndege pameandikwa 50 lb (23 kg). Mizani yetu ya mkono inasoma begi moja 24.6 na la pili 23.0. Tumfuate nani, na tutoe kiasi gani?*
*Msomaji wa Langoni, Lamu*

Waalaykumu salaam, dada. Punguzeni hadi mizani isome 22.0 kwa kila begi, na msipite 22.5 kwa hali yoyote. Kwa mizani yenu hiyo ni kutoa kilo 2.6 katika begi la kwanza na kilo 1 katika la pili, jumla kilo 3.6. Ila kabla hamjafungua zipu, ipimeni kwanza mizani yenyewe. Tutafika hapo.

Tuanze na kaka. Pauni ya uzito ndiyo ile ratili ya wazee wetu, na dukani ratili ilihesabiwa nusu kilo kasoro. Kaka amekumbuka nusu kilo, kasoro ameisahau. Pauni inayotumika leo iliwekwa mwaka 1959 kwa makubaliano ya nchi sita, Marekani na Uingereza zikiwemo, iwe kilo 0.45359237 kamili. Yaani ni gramu 453 na nusu na ushei, wala si 500. Kila pauni ina upungufu wa gramu 46 hivi. Kwa ratili moja ya sukari hakuna atakayegombana, lakini ukizidisha mara 50 upungufu unafika kilo 2.3. Begi la kilo 25 likipanda kwenye mizani ya pauni litasoma 55.1. Hapo hakuna mhudumu wa kaunta atakayejifanya hakuona.

Akitaka hesabu ya kichwani, agawe kwa mbili kisha atoe sehemu moja ya kumi ya alichopata. Hamsini kwa mbili ni 25, sehemu ya kumi yake ni 2.5, inabaki 22.5. Jibu kamili ni 22.68, kwa hiyo amekosea kwa chini ya gramu 200, na amekosea upande wa salama. Njia hii ukiitumia kugeuza *kiwango* haitakupitisha juu, kwa sababu ni sawa na kuzidisha kwa 0.45, na 0.45 ni ndogo kuliko namba ya kweli.

Kijana wa duka la simu hesabu yake ni sahihi hadi pale alipoipandisha. Shuleni tulifundishwa kwamba desimali ikianzia tano tunapanda, ikiwa chini ya tano tunashuka. Kanuni hiyo ni ya kutafuta namba iliyo karibu zaidi, na hapa hatutafuti ukaribu. Kiwango cha mizigo ni kama upana wa mlango. Ukipima mlango ukapata sentimita 89.7, huendi kwa seremala kuagiza kabati la 90 kwa kuwa 90 ndiyo namba iliyo karibu. Kabati litabaki uani. Kiwango hukatwa: 22.6796 inakuwa 22.6, na ukitaka namba nzima inakuwa 22. Haipandi kuwa 22.7, sembuse 23.

Sasa tovuti, ambayo ndiyo inayowachanganya watu wengi, maana imeandikwa na wenye ndege wenyewe. Tiketi na tovuti za ndege hupenda kuweka namba mbili nzuri nzima ubavuni: 50 lb (23 kg), 70 lb (32 kg). Namba hizo si uzito mmoja. Kilo 23 ni pauni 50.7, na pauni 50 ni kilo 22.68. Kati yake kuna tofauti ya gramu 320, ambayo ni kama pakiti ndogo ya majani ya chai na kitana juu yake.

Inayoamua kati ya hizo mbili kwa kawaida ni ile inayosomwa kwenye kioo cha kaunta. Nairobi kaunta zinasoma kilo, na begi la 23.0 litapita bila neno. Lakini mama atarudi, na huko Ohio mizani ya kaunta itasoma pauni. Begi lile lile la 23.0 litaonyesha 50.7, na mhudumu ana haki ya kusema limezidi. Wengine huachilia, wengine hawaachilii, na mtu mzima aliye peke yake ugenini hafai kuachiwa ubishi huo. Kwa hiyo zigeuzeni namba zote mbili katika kipimo kimoja, mchukue iliyo ndogo.

Wala msikariri kwamba pauni ndiyo ndogo siku zote. Katika 50 na 23 pauni ndiyo ndogo, vilevile 70 na 32, maana pauni 70 ni kilo 31.75. Lakini mkikutana na tiketi iliyoandikwa 40 lb (18 kg), mambo yamepinduka: pauni 40 ni kilo 18.14, hivyo 18 ndiyo inayobana.

Mtauliza, ikiwa kikomo ni 22.68, kwa nini tumesema 22.0. Hizo gramu mia sita na themanini ni za mizani yenu, za kufuli, za mkanda wa kufungia begi, na za kile kifurushi ambacho shangazi ataleta alfajiri mama akiwa tayari ameshavaa buibui. Mizani ya mkono yenye kioo huonyesha desimali moja au mbili kwa uhodari mkubwa, lakini kuonyesha 22.04 hakumaanishi kwamba inaujua ukweli hadi ile 4. Inaweza kuwa na desimali mbili na bado ikadanganya kwa nusu kilo.

Kuipima ni rahisi na kila nyumba ina vifaa. Chukueni unga wa ngano wa pakiti za kilo 2 ambazo hazijafunguliwa, pakiti 11. Mkinunua belo zima lina pakiti 12, moja iwekeni kando. Tafuteni kiroba chepesi chenye mshikio imara, mkining'inize kitupu kwenye mizani, mbonyeze kitufe cha kurudisha sifuri, ambacho kwenye mizani nyingi kimeandikwa TARE au ZERO. Kisha tieni zile pakiti 11 na mkining'inize tena bila kuizima mizani. Unga peke yake ni kilo 22, na karatasi za pakiti zinaongeza kidogo, kwa hiyo mizani nzima itasoma 22 na ushei. Ikisoma 22.1 au 22.2, shukuruni Mungu, mizani iko vizuri. Ikisoma chini ya 22, hapo ndipo pana hatari, kwa sababu inaufanya mzigo uonekane mwepesi.

Tuseme imesoma 21.6. Basi inapunguza angalau gramu 400 karibu na uzito huo, na begi lenu linalosoma 23.0 kwa kweli ni 23.4 au zaidi. Hamna haja ya kuitupa. Toeni hizo 0.4 katika kikomo: 22.6 inakuwa 22.2 kwenye kioo cha mizani yenu, na kwa usalama mfunge kwenye 21.6, pale pale iliposimama na unga. Ndiyo sababu tumechagua pakiti 11 na si pakiti 1: mizani inayosema kweli kwenye kilo 2 yaweza kupotoka kwenye 22, na mnachotaka kujua ni inasema nini pale mtakapoitumia.

Mnapopima begi, mizani ishikwe na mtu mmoja mwenye mkono mtulivu, au itundikwe kwenye boriti, begi lisiguse sakafu wala goti la mtu. Likiguswa kidogo tu kwa ncha ya kiatu, uzito unapungua na mnajifurahisha bure. Subirini namba itulie. Pimeni mara tatu, na kama zimesoma 22.1, 22.3 na 22.1, namba yenu ni 22.3. Betri ikiwa dhaifu namba hucheza. Badilisheni kabla ya kulaumu begi.

Kuhusu cha kutoa: msianze na nguo. Vizito ni vile vidogo vilivyojificha pembeni, chupa za achari, makopo ya halua, samli. Makopo mawili ya kilo moja moja na chupa moja kubwa ya achari karibu yanamaliza zile kilo 3.6. Kishawishi ni kuvihamishia begi la mkononi, na hapo mtaviacha kwenye ukaguzi, kwa kuwa achari, samli na hata halua huhesabiwa pamoja na vitu vya majimaji, na chombo kinachozidi mililita 100 hakiingii nacho mtu ndani. Kinachohamia mkononi ni kikavu: doti za kanga, viatu, kofia. Nalo begi la mkononi lina kiwango chake, lisomeni kwenye tiketi mlipime kwa mizani ile ile.

Jambo la mwisho kwenu: tiketi inaposema mabegi mawili ya pauni 50, haisemi jumla ya pauni 100. Begi la 24.6 halisaidiwi na mwenziwe mwenye 19. Kila moja linapanda kwenye mizani peke yake na linahukumiwa peke yake.

*Shikamooni. Nafanya kazi nyumba ya wageni Shela na huwapangia wageni safari ya Nairobi kwa ndege ndogo kutoka Manda. Kiwango chao ni 15 kg (33 lb), na mkoba wa mkononi umo humo humo. Wageni wa Kimarekani wananitajia uzito kwa pauni, naingiza kwenye Excel inazidisha kwa 0.45, halafu ROUND inaondoa desimali. Juzi begi la 33.3 lb kwangu lilisoma 15. Kaunta likasoma 15.1 na mgeni akaambiwa apunguze mbele ya foleni. Nimekosea wapi?*
*Msomaji wa Shela*

Marahaba. Umekosea mara mbili, na bahati mbaya makosa yote mawili yanaweza kuficha uzito uliozidi.

Tumemwambia msomaji wa Langoni hapo juu kwamba kuzidisha kwa 0.45 ni salama. Ni salama kwa kiwango. Wewe hugeuzi kiwango, unageuza uzito wa begi, na hapo usalama unahamia ng'ambo. Kiwango kikisomeka kidogo kuliko kilivyo, mtu anapakia pungufu na hakuna hasara. Begi likisomeka jepesi kuliko lilivyo, mtu anakwenda kaunta akiwa na uhakika wa uongo. Tazama begi lako: 33.3 mara 0.45 ni 14.985. Kwa namba kamili, 33.3 mara 0.45359237 ni 15.1046. Njia ya mkato imekuficha gramu 120, na kwa tiketi ya kilo 15 hizo ndizo zilizomwaibisha mgeni.

ROUND nayo ikaja kufagia kilichobaki. Inatafuta namba nzima iliyo karibu, kwa hiyo hata ungetumia namba kamili, begi la pauni 34, ambalo ni kilo 15.42, lingeandikwa 15 na karatasi yako ingesema sawa. Gramu 400 zimeliwa na kanuni ya shule.

Weka safu mbili tofauti, moja ya kiwango na moja ya begi, na kila moja uipe amri yake. Tuseme kiwango cha pauni kiko B2 na uzito wa begi kwa pauni uko C2:

```
=ROUNDDOWN(B2*0.45359237,1)
=ROUNDUP(C2*0.45359237,1)
```

Ya kwanza inashusha kiwango hadi desimali moja, ya pili inapandisha begi hadi desimali moja. Ukitia 33 kwenye B2 utapata 14.9, ukitia 33.3 kwenye C2 utapata 15.2. Begi ni kubwa kuliko kiwango, na umejua ukiwa bado Shela. Kama Excel yako inakataa mkato kabla ya 1, weka nukta-mkato, na ikiwa inaandika desimali kwa mkato, andika 0,45359237. Ni mpangilio wa lugha ya kompyuta tu. Tiketi ikikupa kilo na pauni zote mbili kama hiyo yako, pauni 33 ni kilo 14.97, ndogo kwa nywele kuliko 15, na gramu 30 hizo hazina maana kwa mizani yoyote ya mkono. Chukua 14.9 uendelee na kazi.

Kuna njia rahisi zaidi, na sisi tungeifuata hiyo. Acha kugeuza mabegi. Geuza kiwango mara moja tu, na mgeni abaki na mizani yake ya pauni aliyoizoea. Kilo 15 ni pauni 33.07, kata iwe 33, kisha mwombe asizidi 32.5 kwenye mizani yake. Ukigeuza mara moja una nafasi moja tu ya kukosea. Ukigeuza mabegi kumi na mawili kila asubuhi una nafasi kumi na mbili.

Na kwa kuwa mkoba wa mkononi umo humo humo, usiugeuze peke yake. Jumlisha pauni za begi na za mkoba kwanza, kisha fanya hesabu kwa jumla. Wageni wengi huacha kuutaja mkoba wenye kamera na kompyuta kwa kuwa safari yao kubwa haikuuhesabu. Pauni 26 za begi na 9 za mkoba zinaonekana ndogo zikiwa mbalimbali, pamoja ni 35, yaani kilo 15.9 ukipandisha.

Ugumu wa kaunta ya Manda si roho mbaya. Chukua mfano wa Cessna Grand Caravan ya 208B, ndege ndogo mnayoijua sana pwani: uzito wake wa juu wa kuruka ni pauni 8,750, sawa na kilo 3,969. Ndani ya hizo mna ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo yote. Rubani anaijumlisha karatasi yake kwa namba alizopewa kaunta, kwa hiyo kaunta haina ruhusa ya kukisia.

Tena, mkumbuke mgeni wa Shela anavuka kwa boti. Begi la turubai lililopigwa na mawimbi mkondoni linabeba maji linapofika Manda, na lilikuwa kavu ulipolipima. Kwa begi lililo karibu na kikomo, lifunike na karatasi ya nailoni, au liwekwe mbali na upande unaorusha maji.

*Hamjambo. Nimenunua mizani ya mkono ya mtumba hapa Malindi. Begi la mume wangu linaonyesha 49:14, nikachukua 49.14 nikapata kilo 22.29, yaani tuna nafasi. Lakini nikibonyeza UNIT inakuja 45.2, nikibonyeza tena inakuja 22.6. Mizani ni mbovu?*
*Msomaji wa Malindi*

Hatujambo, dada. Mizani ni nzima. Namba zote tatu ni za begi lile lile, na zote ni za kweli.

Zile nukta mbili za 49:14 si desimali. Upande wa kushoto ni pauni, upande wa kulia ni wakia, na wakia 16 ndizo zinazotimiza pauni moja. Juu ya kioo, pembeni, utaona imeandikwa `lb:oz` kwa herufi ndogo sana. Kwa hiyo gawa 14 kwa 16, upate 0.875, na begi ni pauni 49.875. Hiyo ni kilo 22.62. Uliposoma 49.14 ulipunguza mzigo kwa gramu 330. Mtego wake ni kwamba ikisoma 49:2 mtu huandika 49.2 na anakosea kidogo tu, maana wakia 2 ni 0.125, akajiona ameelewa. Halafu ikisoma 49:10 anaandika 49.10, anadhani begi limepungua kumbe limeongezeka.

Ile 45.2 ndiyo ya kuogopa zaidi. Mizani nyingi zinazotengenezwa Uchina zina kipimo cha nne kinachoitwa `jin`, na jin moja ni nusu kilo kamili. Kaka yule wa Ohio hapo juu angekuwa sahihi kama angezungumzia jin. Begi lako la kilo 22.6 ni jin 45.2, hesabu imekubaliana. Lakini mtu aliyezoea pauni akiiona 45.2 bila kutazama kona ya kioo atadhani amebakiwa na karibu pauni 5. Ataongeza kilo 2 za zawadi, na begi litafika kaunta na 24.6.

Kujua mizani iko kwenye kipimo gani, usitegemee yale maandishi madogo, hasa kwa mtumba ambao kioo kimechubuka. Ning'iniza pakiti moja ya unga ya kilo 2. Ikisoma 2.0 uko kwenye kilo. Ikisoma 4.4 ni pauni. Ikisoma 4.0 ni jin. Ikisoma 4:6 au 4:7 ni pauni na wakia. Iache kwenye kilo, na uirudie pakiti kila unapoiwasha, maana baadhi yake hurudi kwenye kipimo cha kiwandani ukitoa betri.

Na kwa begi la mume, kama kiwango chake ni pauni 50, nafasi iliyobaki ni wakia 2, gramu 57. Hata kipande cha sabuni ya kuogea hakiingii, na bado hujaipima mizani hiyo kwa pakiti 11. Toa nusu kilo kwanza.